Riba juu ya riba si mwizi unayemdhania

Mtu akichelewa kulipa kodi, hofu ya kwanza inayomjia ni kwamba deni litaanza kuzaa. Amesikia kuhusu riba inayotozwa juu ya riba, naye anajiona tayari akiuza shamba kulipa kodi ya biashara ndogo. Hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipofaa. Ukichelewa kwa miezi michache tu, tofauti kati ya riba ya kawaida, inayokokotolewa juu ya kodi peke yake, na riba juu ya riba ni ndogo mno. Pesa nyingi huondoka kwa njia nyingine tatu ambazo watu hawazipigii kelele: faini ya siku ya kwanza, mwezi ulioanza kuhesabiwa kama mwezi mzima, na mpangilio wa kukata malipo yako unapolipa kidogo kidogo.

Nachukua mfano wa Kenya kwa sababu sheria yake ni rahisi kuifuata kwa kalamu na karatasi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inatoza riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, juu ya kodi ambayo haijalipwa. Hii ni riba ya kawaida. Pamoja nayo ipo faini ya asilimia 5 ya kodi iliyochelewa, inayotozwa mara moja.

Tuseme kuna mhandisi aliyeajiriwa Nakuru, ambaye mwaka 2024 alianza kufanya kazi za ushauri pembeni. Mshahara wake ulikatwa kodi na mwajiri kama kawaida, lakini mapato ya ushauri hayakukatwa chochote. Kwa kuwa mwaka uliotangulia kodi yake yote ilimalizwa na mwajiri, hakuwa na kodi ya awamu ya kulipa katikati ya mwaka, kwa hiyo tunaiacha kando. Alipopiga hesabu ya mwaka mzima alijikuta anadaiwa shilingi 300,000.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kila Mkenya anajua kwamba ritani ya kodi ya mapato inawasilishwa kufikia Juni 30, na foleni za wiki ya mwisho ya Juni zinathibitisha hilo. Wanaojua kwamba salio la kodi lenyewe linatakiwa liwe limelipwa kufikia Aprili 30 ni wachache. Tarehe ya karatasi na tarehe ya pesa ni mbili tofauti. Mhandisi wetu akiwasilisha ritani Juni 29 na kulipa siku hiyohiyo, akijiona raia mwema, tayari amechelewa miezi miwili: faini 15,000, riba 6,000, jumla 21,000. Mfumo wa kodi wa mtandaoni, iTax, hautamwonea huruma kwa sababu ritani iliingia kwa wakati.

Lakini tuseme hakulipa Juni. Aliwasilisha ritani, pesa hakuwa nazo, akalipa deni lote Desemba 3, 2025. Kuanzia Mei hadi Desemba ni miezi minane, ingawa wa nane ulikuwa na siku tatu tu. Riba ni 3,000 kwa mwezi mara nane, yaani 24,000. Ukiongeza faini ya 15,000, kuchelewa kumemgharimu 39,000, sawa na asilimia 13 ya kodi.

Sasa tugeuze sheria kidogo tuone ingekuwaje kama Kenya ingetoza riba juu ya riba kwa kiwango kilekile cha asilimia 1. Mwezi wa kwanza hakuna tofauti yoyote, ni 3,000. Mwezi wa pili riba inatozwa juu ya 303,000, hivyo inakuwa 3,030. Mwezi wa tatu ni 3,060 na senti 30. Kila mwezi nyongeza ni ya shilingi thelathini na kitu. Ukifika mwezi wa nane, jumla ya riba ni kama 24,857. Weka hiyo kando ya 24,000 ya riba ya kawaida, na tofauti ni shilingi 857.

Shilingi 857 juu ya deni la laki tatu, baada ya miezi minane. Hilo ndilo zimwi lenyewe.

Sababu ya udogo huo ni kwamba riba juu ya riba inatozwa juu ya kitu kidogo: asilimia 1 ya asilimia 1. Inahitaji muda mrefu ili rundo la riba liwe kubwa kiasi cha kuleta maumivu yake lenyewe. Kwa mwaka mzima tofauti inafika kama 2,050. Kwa miaka miwili inakaribia 8,900. Kwa miaka mitano mambo yanabadilika kabisa: riba ya kawaida ingekuwa 180,000, na riba juu ya riba ingekuwa kama 245,000. Pengo la 65,000 si la kupuuza.

Miaka mitano nimeitaja kwa makusudi. Nchini Kenya mamlaka ya mapato, KRA, ina miaka mitano ya kurudi nyuma na kurekebisha hesabu ya kodi, na inaweza kwenda mbali zaidi ikiwa kulikuwa na udanganyifu au uzembe mkubwa. Kwa hiyo anayepaswa kuhofia namna riba inavyokokotolewa ni yule aliyekosea hesabu ya 2020 na kukaguliwa 2025, ambaye miezi yote hiyo hakujua kwamba anadaiwa. Kwake riba ya kawaida ni nafuu ya kweli. Nafuu nyingine ni kwamba sheria imeweka ukomo: riba ya kuchelewa haiwezi kupita kodi yenyewe. Kwa asilimia 1 ya kawaida ukomo huo unafikiwa baada ya miezi 100. Ingekuwa riba juu ya riba, ungefikiwa mwezi wa 70. Huyu anayechelewa miezi minane yuko mbali na ukuta huo kwa hesabu yoyote ile.

Tukivuka mpaka, tunaona pia kwamba jina la njia ya kukokotoa riba linaweza kupotosha. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, inatoza riba juu ya riba kila mwezi. Mtu akisikia hivyo tu, anadhani Mtanzania ananyongwa. Lakini sheria hiyo ilikifunga kiwango chenyewe kwenye riba ambayo Benki Kuu ya Tanzania inazitoza benki inapozikopesha, nayo imepanda na kushuka. Machi 2017 ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 12 kwa mwaka. Asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia 1 kwa mwezi, kwa hiyo hapo Mtanzania alikuwa analipa karibu sawasawa na Mkenya, ukiongeza zile senti za riba juu ya riba. Kisha Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ikaishusha hadi asilimia 5. Deni la 300,000 kwa asilimia 5 kwa mwaka, riba juu ya riba kila mwezi, linaleta riba ya kama 10,150 kwa miezi minane. Njia "kali" inatoza chini ya nusu ya njia "laini" ya Kenya. Ndiyo maana anayekokotoa deni la Tanzania aanze kwa kutafuta kiwango kilichotumika mwaka husika, kwa sababu bila hicho hesabu yote ni ya kubahatisha.

Uganda iko upande wa pili. Huko riba ni asilimia 2 kwa mwezi, ya kawaida, na ina ukomo wake. Kwa miezi minane ni asilimia 16, karibu mara mbili ya ile ya asilimia 1 inayotozwa juu ya riba. Kama kusingekuwa na ukomo, asilimia 1 ya riba juu ya riba ingehitaji zaidi ya miaka kumi kuifikia asilimia 2 ya kawaida. Hata Marekani, ambako mamlaka ya kodi, IRS, hutoza riba juu ya riba kila siku iendayo kwa Mungu, kiwango cha asilimia 7 cha mwaka 2025 kinageuka kuwa kama asilimia 7.25 mwaka ukiisha. Uliza kiwango kwanza, njia baadaye.

Nirudi kwa mhandisi na ile 39,000 yake, kwa sababu muundo wake unasema mengi kuhusu sheria yenyewe. Angechelewa siku moja tu, akalipa Mei 1, angetozwa faini 15,000 na riba ya mwezi mmoja 3,000: jumla 18,000, asilimia 6 ya deni kwa siku moja. Miezi saba iliyofuata imemwongezea 21,000 tu. Karibu nusu ya gharama yote iliangukia siku ya kwanza, na kuanzia hapo serikali imekuwa ikimkopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi.

Linganisha na benki. Tuseme benki ingempa mkopo kwa asilimia 15 kwa mwaka. Kwa miezi minane laki tatu ingemgharimu kama 30,000. Kabla ya Aprili 30 hesabu iko wazi: akope, alipe kodi kwa wakati, aokoe 9,000. Lakini Mei 1 asubuhi mambo yamepinduka. Faini imeshaingia na hairudi akilipa kesho. Kilichobaki ni riba ya 3,000 kwa mwezi, na benki inataka 3,750. Mtu mwenye akili timamu atamlipa muuzaji bidhaa, atalipa karo, atapunguza mkopo wa simu ulio ghali kupita kiasi, na kodi ataiweka mwisho wa foleni. Sheria yenyewe imemfundisha hivyo.

Sisemi kwamba kuchelewa hakuna madhara mengine. KRA inaweza kuiandikia benki yako au mteja wako ikamwagiza alipe deni lako moja kwa moja, na cheti cha kutimiza wajibu wa kodi hukipati wakati deni lipo, ambacho bila hicho zabuni nyingi hazikuhusu. Mhandisi wa ushauri anaogopa cheti kuliko riba. Hata hivyo, muuza duka asiyeomba zabuni hana fimbo hiyo mgongoni, na kwake hesabu ya Mei 1 ndiyo yote.

Jambo jingine linalopita kimyakimya ni mwezi ulioanza. Angelipa Novemba 28, riba ingekuwa 21,000. Alilipa Desemba 3, ikawa 24,000. Siku tano, shilingi 3,000. Kama riba ingehesabiwa kwa siku, kwa kiwango hichohicho cha asilimia 12 kwa mwaka, angelipa karibu shilingi 99 kwa siku, na kwa siku 217 alizochelewa jumla ingekuwa kama 21,400. Kuhesabu mwezi mzima kumemnyang'anya kama 2,600, mara tatu ya kile ambacho riba juu ya riba ingemnyang'anya. Na bado sijawahi kusikia mtu akilalamikia neno dogo "au sehemu ya mwezi" lililojificha kwenye sheria.

La tatu ni la wanaolipa kwa mafungu, nao ndio wengi. Tuseme mhandisi alipata 150,000 mwishoni mwa Agosti, miezi minne tangu deni lianze. Wakati huo anadaiwa kodi 300,000, riba 12,000 na faini 15,000. Swali ni kwamba hiyo 150,000 inakatwa wapi kwanza.

Ikikatwa kwenye kodi, kodi inabaki 150,000 na riba inashuka hadi 1,500 kwa mwezi. Miezi minne iliyobaki inaleta 6,000. Ikikatwa kwanza kwenye faini na riba, zile 27,000 zinatoka mbele, 123,000 tu ndizo zinazofika kwenye kodi, na kodi inabaki 177,000. Riba sasa ni 1,770 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni 7,080. Tofauti ni 1,080. Tazama hapo: 1,080 ni zaidi ya ile 857. Sheria inaweza kuandika kwa herufi kubwa kwamba riba ni ya kawaida, kisha mpangilio wa kukata malipo ukairudisha riba juu ya riba kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kila shilingi iliyomezwa na riba ya zamani imeacha shilingi ya kodi ikiendelea kuzaa.

Sheria ya Kenya iko upande wa mlipakodi katika hili: pesa pungufu inaanza kupunguza kodi, kisha riba, na faini mwisho. Ila malipo huanza na namba ya malipo ambayo mlipakodi anaitengeneza mwenyewe kwenye iTax, akichagua aina ya kodi, aina ya malipo na mwaka. Akichagua mwaka usio wake, pesa inakaa kwenye kipindi kingine huku deni la kweli likiendelea kuongezeka 3,000 kila mwezi, na yeye ana risiti mkononi inayomtuliza bure.

Ndiyo maana nashauri mtu asome taarifa ya akaunti yake ya kodi mstari kwa mstari badala ya kutazama jumla. Kwa deni letu, mstari wa riba ukisema 3,000 kila mwezi bila kubadilika, hesabu ni ya kawaida na iko sawa. Ukisema 3,000, kisha 3,030, kisha 3,060, mtu au mfumo anatoza riba juu ya riba, jambo ambalo sheria hii haikuruhusu. Ukianza moja kwa moja na 3,150, faini imechanganywa na kodi kabla ya riba kupigwa, kwa sababu hiyo ni asilimia 1 ya 315,000. Na kama ulilipa sehemu ya deni lakini mstari haukushuka kabisa mwezi uliofuata, pesa yako haijafika kwenye kipindi ulichokusudia. Kalamu na dakika kumi zinatosha, na ukienda ofisini na mstari wenye tatizo uliouzungushia wino, mazungumzo yanakuwa mafupi zaidi kuliko ukienda na hasira.

Sasa maoni yangu. Kila bajeti inapokaribia, hawakosekani wanaotaka riba itozwe juu ya riba ili kuwatia adabu wachelewaji. Hesabu zinaonyesha kwamba kwa mchelewaji wa miezi kadhaa hatua hiyo ingeleta shilingi mia chache na isingebadilisha uamuzi wa mtu yeyote. Atakayeumia ni yule wa ukaguzi wa miaka mitano nyuma, ambaye mara nyingi hakuchelewa kwa kukusudia.

Kinachohitaji kurekebishwa ni ile faini ya siku ya kwanza. Aliyechelewa siku moja kwa sababu mtandao wa benki ulikwama analipa faini ileile ya 15,000 na aliyechelewa miezi minane kwa sababu hakujali. Rwanda, kwa sheria yake ya 2023, imejaribu njia nyingine kwenye riba: kiwango ni nusu asilimia kwa mwezi kwa wanaochelewa hadi miezi sita, asilimia 1 kwa wanaofika mwaka, na asilimia 1.5 kwa waliopita hapo, tena bila riba juu ya riba. Mantiki ni kwamba kila mwezi unaopita unakupa sababu ya kulipa leo. Kenya ingeweza kufanya vivyo hivyo na faini: nusu asilimia kwa wiki, ikikoma kwenye asilimia 5 baada ya wiki kumi, na riba ihesabiwe kwa siku. Mhandisi aliyelipa ndani ya wiki ya kwanza angetozwa faini ya 1,500. Wa Desemba angelipa 15,000 zilezile. Hazina ingepoteza kidogo kwa wachelewaji wa siku chache, hilo nalikubali, lakini ingepata kitu ambacho haina sasa: wiki kumi ambazo deni lina gharama ya kweli ya kusubiri.

Na hata mpango huo hautafanya kazi ikiwa misamaha itaendelea kuja mfululizo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilifuta riba na faini za madeni ya hadi mwisho wa 2022 kwa waliolipa kodi yenyewe kufikia Juni 30, 2024. Muda ukapita, ukaja msamaha mwingine wa madeni ya hadi mwisho wa 2023, wa kulipwa kufikia Juni 30, 2025. Uganda nayo imefanya hivyo na kusogeza tarehe mbele. Kwa aliyelipa riba na faini zake kwa uaminifu, msamaha haukumrudishia kitu. Aliyekaa kimya tangu 2021 alikopeshwa na serikali kwa asilimia sifuri. Mhandisi wa Nakuru hakuwamo katika msamaha wowote, kwa kuwa kodi yake ya 2024 ilikuja baada ya mstari kuchorwa. Ukimuuliza leo kama safari ijayo atalipa kwa wakati au atasubiri tangazo lingine, atakujibu kwa hesabu.